Wakuu, mwanangu kakoseshwa "in the morning", niende shuleni?

MamaTatu: Wakuu, habari za jioni. Mwanangu wa darasa la 7 kaleta karatasi ya Kiingereza. Swali la kujaza nafasi, kaandika *in* kabla ya *the morning*, kapigwa kosa. Tangu lini? Nimekosa raha kabisa. Niende shuleni au ninyamaze?

Kobelo: Nenda dada. Mimi nilichapwa kidato cha pili kwa ajili ya *at*, hadi leo naogopa kusema Kiingereza mbele za watu. Kanuni ni moja: mwaka na mwezi *in*, siku *on*, saa *at*. Asubuhi ni kipande tu cha siku, kwa hiyo *in*. Mtoto yuko sawa.

ChakiNyeupe: Dada, weka sentensi nzima.

MamaTatu: Inabadilisha nini? Morning si morning?

ChakiNyeupe: Weka tu.

MamaTatu: Haya. *The children marched ___ the morning of 9 December.*

ChakiNyeupe: Hapo ni *on*. Asubuhi isiyo na siku yake ni *in*: *We sweep in the morning*. Ikishafungwa na tarehe au jina la siku, siku ndiyo inayotawala: *on Monday morning*. Usiku nao ni hivyo hivyo, *at night* lakini *on Friday night*. Kinachowaponza watoto ni kujaza kwa kutazama neno moja linalofuata nafasi. Mpime: mpe *Christmas*, kisha *Christmas Day*. Akiweka *at* kote, ujue hasomi hadi nukta. *At Christmas* ni msimu wote wa sikukuu, *on Christmas Day* ni tarehe 25 peke yake.

Shangazi wa Tanga: Siku hizi wazazi mnagombana na walimu kwa alama moja. Mfundisheni mtoto adabu kwanza.

MamaTatu: Shangazi, adabu anayo. Na barua kwa mwalimu mkuu nimeshaiandika. Kuna na hili: *We visit Bibi ___ the weekend*. Kaweka *on*, kosa tena.

Mpelelezi: Uzi wa kutunga huu. Sentensi zinatoka moja moja, kila mara na mtego wake. Wewe ni mwalimu, unataka tukusahihishie mtihani wako.

MamaTatu: Mimi nauza vitenge, kaka. Karatasi iko hapa mezani na wino mwekundu.

ChakiNyeupe: Awe nani, swali ni zuri. Waingereza husema *at the weekend*, Wamarekani *on the weekend*. Shule zetu hufuata Uingereza, ndiyo maana mwalimu alingoja *at*. Lakini *on* ni Kiingereza halali. Ningempa alama.

Kobelo: Mimi nisingempa. Kwenye mtihani wa taifa nani atamsikiliza?

MamaTatu: Basi aya ya *morning* naifuta. Ya *weekend* inabaki, kesho napeleka.