Naomba ushauri: ratiba ya duka imepungua siku 3

Wakuu, duka linakabidhiwa 30 Novemba, tarehe haisogei. Nimehesabu kinyumenyume, Jumapili zikiwemo: rangi siku 4, ianze 27 Novemba. Kabla yake plasta ikauke siku 21, la sivyo rangi itatoka malengelenge. Kupiga plasta siku 5, kuanzia 1 Novemba. Mirunda ya slebu ikae siku 21, kwa hiyo zege limwagwe 10 Oktoba. Kusuka nondo na mbao siku 8, yaani kuanza 2 Oktoba. Leo ni tarehe 5!

Kuongeza vibarua hakukaushi plasta. Je, nipige plasta kuta za nje mirunda ikiwa bado imesimama, au niongeze mafundi nondo, siku 8 ziwe 5? Ila hapo mvua moja tu inaharibu hesabu.