Kikundi cha Familia, Kamalondo: pesa ya parseli

Mama Furaha: Jambo yenu wote. Ile parseli ndogo ya Ruashi imeuzwa, niko na dola 6,000 mkononi. Pale banki wananiambia nibloke mwaka mmoja, watanipa 4%. Miezi sita ni 3%. Noko Ilunga, wewe ulifanya kazi ya banki, nichague nini?

Serge: Mama, chukua miezi sita. 3% ya 6,000 ni 180, unarudia tena, kwa mwaka unapata 360. Mwaka mzima ni 240 tu!

Noko Ilunga: Serge, punguza mbio. Hiyo 3% ni ya mwaka, hata kama kontra ni ya miezi sita. Miezi sita inaleta dola 90, si 180.

Serge: Aa. Basi hawaandiki vizuri.

Noko Ilunga: Wanaandika, kwa herufi ndogo chini. Furaha, kabla ya riba nisomee kipengele cha kuvunja kontra. Wanasema nini ukitoa pesa mbele ya tarehe?

Mama Furaha: "Faida itahesabiwa upya kwa kiwango cha konte ya akiba, 1%, na mteja atoe taarifa ya siku 30."

Noko Ilunga: Sasa tuhesabu. Umebloka zote 6,000 kwa mwaka, mwezi wa nane mtoto analazwa, unavunja. Badala ya 240, au hata 160 ya miezi minane, wanakupa 40. Na hiyo pesa unaingoja mwezi mzima huku hospitali inadai leo.

Tantini Bijou: Ndiyo maana mimi niko kwenye likelemba. Hakuna kontra.

Noko Ilunga: Bijou, likelemba haileti faida, inakupa tu zamu. Na aliyekula zamu ya kwanza akihamia Kolwezi, nani atamfuata? Furaha, minervali ya watoto ni ngapi?

Mama Furaha: Na uniforme na vitabu, 1,500 hivi. Septemba mwanzo.

Noko Ilunga: Leo ni tarehe 18 Machi. Miezi sita inaisha 18 Septemba, masomo yameshaanza, watoto wamefukuzwa. Hiyo 1,500 usiibloke kabisa. Hata kwa miezi mitatu kwa 2% ungepata dola saba na nusu. Iache kwenye konte ya akiba.

Mama Furaha: Na 4,500 inayobaki?

Noko Ilunga: Mwaka mmoja, lakini kontra mbili: moja ya 2,500, nyingine ya 2,000. Banki nyingi hazikubali utoe kipande, unavunja yote. Ukiwa na mbili, shida ikija mwezi wa nane unavunja ya 2,000, unapata 13 badala ya 80. Ile ya 2,500 inaendelea mpaka 100 yake. Uliza pia kama wanatoa avansi juu ya pesa iliyoblokwa. Ukibakiza mwezi mmoja tu, kukopa kidogo kunaweza kuwa nafuu kuliko kuvunja. Na uliza kodi inakatwa juu ya faida au hapana.

Yaya Mireille: Naomba niongeze. Mimi nilibloka kwa miezi sita, nikaenda siku nne baada ya tarehe. Wakaniambia imejifungia tena yenyewe miezi sita! Nilikuwa nimetia alama bila kusoma.

Noko Ilunga: Asante sana Mireille. Furaha, kwenye fomu chagua "irudi kwenye konte ya kawaida". Tia tarehe kwenye simu yako, wiki mbili mbele ya kontra kuisha.

Serge: Lakini Noko, kwa nini dola? Kwa franga banki ilimpa rafiki yangu 15%!

Noko Ilunga: Chukua mfano. Dola 1,000 kwa 2,800 ni franga 2,800,000. Na 15% zinakuwa 3,220,000. Dola ikifika 3,220 umepata sifuri, na bado hujahesabu kile kambisti anachokata mara mbili.

Serge: Na ikishuka je? 2025 franga ilipanda ghafla. Waliokuwa na franga walicheka.

Noko Ilunga: Walicheka kweli. Sikatai. Lakini parseli nyingine utainunua kwa dola, na minervali hiyo shule yenu inadai dola.

Serge: Sehemu kidogo basi. 500.

Tantini Bijou: Na hizi bon di trezor wanazosema kwenye redio?

Noko Ilunga: Serikali ilizirudisha 2019, unanunua kupitia banki. Mara nyingi zinalipa zaidi ya konte ya kubloka. Lakini hakuna kuvunja: unangoja tarehe, au unatafuta mtu wa kuzinunua kwako, na hapa Lubumbashi sijui utampata wapi. Aliyebloka banki anaidai banki, aliyenunua bon anaidai serikali. Chagua nani unamwamini.

Tantini Bijou: 😂 Swali gumu hilo, Noko.

Mama Furaha: Kesho saa tatu nitakuwa ajanse. Serge, utanisindikiza, unasoma herufi ndogo. Ile 500 ya franga tutaongea njiani.