Zamu ya usiku: "Sholay" au "12 Angry Men"?

Mlinzi_Kilimani: Hamjambo. Mimi na mwenzangu, ambaye namwita Mzee kwa kuwa alinitangulia kazini, tunalinda lango la nyumba za kupanga hapa Kilimani tangu saa kumi na mbili jioni hadi alfajiri. Kila saa mmoja wetu huzunguka ua, akakagua kufuli na ukuta wa nyuma, kisha hutia sahihi kitabuni. Jana tulibishana kuhusu filamu ya kutazama zamuni hadi chai ya chupa ikapoa: Mzee anataka "Sholay" ya mwaka 1975, ambayo urefu wake unapita saa tatu, nami nataka "12 Angry Men" ya mwaka 1957, yenye dakika 96 tu. Mngechagua ipi?

Soja_Mstaafu: Kijana wangu, usihesabu dakika, hesabu unachopoteza ukitoka doria. Katika filamu yako, wazee wa baraza wa mahakama wamefungiwa chumbani kuamua kama kijana ameua, kura ya kwanza ni 11 kwa 1 kwamba ana hatia, kisha wanageuka mmoja mmoja, kwa hiyo ukirudi ukakuta 6 kwa 6, hutajua ni hoja gani iliyowageuza. Isitoshe, mwongozaji Sidney Lumet alianza na kamera juu ya usawa wa macho, akaishusha polepole hadi chini yake, ili chumba kionekane kinawabana. Hilo halionekani kwa vipandevipande. Katika "Sholay", wimbo ukianza unachukua tochi na kutoka, na ukirudi lile jambazi Gabbar Singh bado halijashikwa.

Baba_Njoroge: Mimi nilikuwa nasikiliza mpira kazini, mwenye nyumba akapiga honi mara tatu nisimsikie. Barua ya onyo ninayo hadi leo. Msitazame chochote.

Binti_wa_Ngara: Hakuuliza hivyo, Baba. Ila umenikumbusha jambo: "Sholay" ni ya Kihindi, mtu huisoma kwa maandishi ya chini, kwa hiyo sauti inaweza kuzimwa na masikio yakabaki langoni. Ile nyingine ni maneno matupu. Tena mwisho wa "Sholay" ni mtamu, Thakur, yule aliyekatwa mikono na Gabbar, anapomuua kwa viatu vyake vya misumari.

Mlinzi_Kilimani: Dada, Mzee anaapa kwamba polisi hufika na kumkamata Gabbar. Na maandishi hayo hawezi kuyasoma bila miwani, ingawa anasema kisa anakijua kwa moyo.

Soja_Mstaafu: Wote wawili wamesema kweli. Mauaji ndiyo yaliyopigwa picha kwanza, lakini wakaguzi wa filamu wa India waliyakataa wakati wa hali ya hatari, ukapigwa mwisho mwingine wenye polisi, na huo ndio ulioonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Angalieni mnapakua upi, la sivyo mtabishana tena saa tisa usiku.

Mlinzi_Kilimani: Mzee amependekeza turushe sarafu.

Soja_Mstaafu: Mtu aliyeitazama "Sholay", ambamo Jai hurusha sarafu yenye picha ileile pande zote? Ikague pande zote mbili kwanza.

Mlinzi_Kilimani: Nimeigeuza. Ni shilingi 20, ina tembo upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Mzee amesema basi tungoje kesho, atakuja na yake.