Tupeane uzoefu: ripoti uliyoandika baada ya kuchomwa na sindano kazini

Sista wa Kisumu: Wenzangu, naomba kila aliyewahi kuchomwa na sindano iliyotumika aeleze aliandika nini katika ripoti yake. Nimeona nyingi zinazosema tu "nilichomwa nikiwa kazini", na karatasi ya namna hiyo haimsaidii daktari kupima hatari wala haimlindi aliyeiandika. Yangu niliyompa msimamizi wa zamu ilisema hivi:

"Leo saa nane na dakika kumi usiku, katika wodi ya wanaume, nilikuwa nikimtoa damu mgonjwa wa malaria kali. Nilipokuwa nikichomoa sindano kwenye mshipa, mgonjwa alishtuka akavuta mkono, ikanichoma kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Ni sindano yenye tundu, namba 21, na ilikuwa na damu inayoonekana. Ilipenya glavu na kidole kikavuja damu. Nilinawa papo hapo kwa sabuni na maji ya bomba. Hali ya mgonjwa kuhusu VVU na homa ya ini haijulikani. Namba ya faili yake nimeiandika kwenye karatasi ya siri. Nimechanjwa homa ya ini B dozi zote tatu, ila kinga yangu haijawahi kupimwa. Naomba nianzishiwe dawa za kuzuia VVU usiku huu, nipimwe damu yangu ya mwanzo, mgonjwa aombwe ridhaa ya kupimwa, na nipangiwe tarehe za kupimwa tena."

Dozi ya kwanza niliimeza kabla ya saa kumi alfajiri.

Tabibu Kakamega: Ripoti hiyo imekamilika, na ningependa wengine waone kwa nini. Tundu la sindano hubeba damu, kwa hiyo sindano iliyotoka mshipani ina hatari zaidi kuliko ile ya kushonea. Kwa wastani, watu wapatao 3 katika kila 1,000 wanaochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU ndio huambukizwa. Homa ya ini B huambukiza kwa wepesi zaidi asiyechanjwa. Saa nayo ni lazima iandikwe, maana dawa zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, na baada ya saa 72 hazianzishwi. Kipimo cha mwanzo wengi hukikwepa kwa woga, ilhali ndicho kinachoonyesha kwamba siku ya ajali hukuwa na maambukizi. Ukikikosa, miezi mitatu baadaye hutakuwa na la kumjibu anayesema uliyaleta kutoka nyumbani.

Mama Bungoma: Mimi nilifundishwa kukamua kidole hadi damu itoke, kisha kupaka spiriti. Na mgonjwa akipimwa akawa hana VVU, unaacha dawa siku hiyo hiyo.

Tabibu Kakamega: Dada yangu, kukamua huumiza nyama na hakujaonyesha faida, sabuni na maji yanayotiririka yanatosha. Kuhusu kuacha dawa, mara nyingi ni kweli, lakini muulize kwanza daktari kama mgonjwa ana dalili za kuambukizwa hivi karibuni, kwa kuwa kipimo huweza kutoona maambukizi mapya.

Wa Busia: Samahani, mama yangu ana kisukari na hujichoma mwenyewe kidoleni kila asubuhi. Je, naye aandike ripoti?

Sista wa Kisumu: Hapana, ndugu yangu. Kifaa chake mwenyewe hakimletei ugonjwa wa mtu mwingine, mradi asikiazime. Wewe ukichomwa nacho, hapo nenda hospitali.

Msafishaji Nakuru: Mimi ni mfanya usafi. Nilichomwa pajani na sindano iliyotupwa ndani ya mfuko wa takataka za kawaida badala ya kisanduku chake. Sikuwa na mgonjwa wa kumtaja, kwa hiyo niliandika mfuko ulitoka chumba gani, saa ngapi niliunyanyua, na kwamba sindano haikujulikana ilitumika lini. Nilipewa dawa ya kuzuia VVU iitwayo TLD, kidonge kimoja kwa siku kwa siku 28. Wiki ya kwanza nilisikia kichefuchefu, nami nilikuwa natumia vidonge vya kuongeza damu. Mhudumu wa kliniki akaniambia nimeze TLD saa mbili kabla ya hivyo au saa sita baada yake, la sivyo dawa haifyonzwi vizuri. Nilianzishiwa pia chanjo ya homa ya ini B, nikarudi kupimwa VVU baada ya wiki sita na tena miezi mitatu, na homa ya ini C baada ya miezi sita. Muda wote huo tulitumia kondomu nyumbani na sikutoa damu.

Lililobaki ni fidia. Sheria ya fidia za majeraha kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri apeleke taarifa ndani ya siku 7 tangu ajulishwe. Kampuni iliyoniajiri inasema ni kazi ya hospitali, nayo hospitali inasema mimi si mtu wao.

Tabibu Kakamega: Anayekulipa mshahara ndiye mwajiri wako. Mpe nakala ya ripoti, akuwekee sahihi na tarehe kwenye nakala unayobaki nayo, kisha upeleke malalamiko ofisi ya kazi ya kaunti.

Msafishaji Nakuru: Nakala ninayo, lakini walikataa kuitia sahihi. Kuna aliyewahi kukubaliwa kwa ushahidi wa kitabu cha zamu pekee?