Msaada: mkato wa ardhi kwenye mstari wa katikati ya barabara, modeli inapingana na vigingi

Kigingi_Sifuri: Wakuu, habari. Nachora mikato ya ardhi ya mita 40 kuvuka mstari wa katikati ili nihakiki usanifu, natumia modeli ya mwinuko ndani ya QGIS. Mstari unatoka laini kabisa, ila mkaguzi kaukataa. Nifanye nini ili akubali? Nakabidhi keshokutwa na sina amani.

Tuta_Refu: Angalia kwanza kama mkato unakutana kweli na mstari wa katikati kwa pembe mraba. Kama data iko kwenye digrii, ihamishe kwanza kwenye UTM. Mimi nakokotoa pointi hivi, A ikiwa ni azimuthi ya barabara pale na d ni umbali, kulia ukiwa chanya:

```
E = E0 + d*cos(A)
N = N0 - d*sin(A)
```

Mzee wa Levo: Kuna mradi nilipokea mikato yote imegeuka kushoto kulia, kwa sababu aliyechora mstari alianzia mwisho wa barabara. Mfereji ukawekwa upande wa bonde badala ya upande wa mlima. Vijana, jifunzeni kushika levo kabla ya kompyuta.

Dada Kontua: Kigingi, modeli ni ipi, na seli zake zina ukubwa gani? Hujasema.

Kigingi_Sifuri: Ni ya kawaida tu dada. Nimesoma kimo kila nusu mita, kwa hiyo usahihi upo.

Dada Kontua: Nauliza tena. Ukubwa wa seli?

Kigingi_Sifuri: Mita 30. Copernicus GLO-30. Lakini ndiyo iliyopo bure, na mikato nimeshachora yote. Siwezi kurudi mwanzo.

Dada Kontua: Basi mkato wako wa mita 40 umelala juu ya seli mbili hivi. Kusoma kila nusu mita hakuongezi ardhi, programu inajaza katikati ya namba hizo chache. Ulaini ule ndio uliomshtua mkaguzi. Halafu ile ni modeli ya uso, rada imepima na vichwa vya miti.

Tuta_Refu: Hiyo ni datumu tu. Tafuta tofauti na kigingi kimoja, ishushe modeli yote, umemaliza.

Msomaji_Kimya: Mimi naona hii chai. Mhandisi gani anasanifu barabara bila wapimaji kufika? Vigingi kavitaja kwenye kichwa cha uzi, ndani hakuna hata namba moja. Weka vipimo au tufunge.

Kigingi_Sifuri: Si chai ndugu yangu. Wapimaji walifika, ila walipima mikato michache. Hii ni ya 1+240. Modeli: kushoto mita 20 ni 412.6, katikati 413.2, kulia mita 20 ni 413.8. Wapimaji: 411.4, 411.9, 412.5. Na kulia mita 8 wao wana 409.7. Hiyo niliiacha, nilidhani wamekosea kuandika.

Dada Kontua: Hapo ndipo penyewe. Pointi tatu zimepishana kwa mita 1.2 hadi 1.3, karibu sawa. Hiyo inaweza kuwa datumu, au kosa la modeli pale, maana watengenezaji wenyewe wanataja kosa la wima la hadi mita 4 kwa asilimia 90 ya vimo. Lakini kulia mita 8 modeli inatoa kama 413.4, tofauti ni 3.7. Kushusha modeli hakutaondoa hiyo. Pale kuna korongo jembamba kuliko seli, modeli imepita juu yake. Usanifu wako katikati ni kimo gani?

Kigingi_Sifuri: 413.0, nusu upana mita 5, mteremko wa tuta 1:2.

Dada Kontua: Kwa modeli unakata sentimita 20. Kwa wapimaji unajaza mita 1.1, na mguu wa tuta unaangukia karibu mita 7 kulia, mita moja tu kabla ya kitako cha korongo. Bila shaka ukingo wake unaanza kabla ya hapo. Tuta litasimama hewani.

Mzee wa Levo: Na maji ya korongo yatakula mguu wa tuta msimu wa kwanza. Ndiyo maana nasema levo.

Kigingi_Sifuri: Nimeelewa 1+240. Lakini mikato mingine haina vigingi. Nikishusha yote kwa 1.25 na kuandika kuwa ni ya awali, si inatosha?

Tuta_Refu: Inatosha kwa kulinganisha njia.

Dada Kontua: Kwa kuchagua njia, sawa. Kwa kuhakiki mfereji au mguu wa tuta, hapana. Chukua mikato yote iliyopimwa, toa vimo vya wapimaji kwenye vya modeli, uone tofauti. Ikibaki karibu 1.25 kila mahali, kushusha kuna maana. Ikipanda na kushuka, huna namba ya kushusha. Na kote ambako ramani au picha inaonyesha mkondo, omba wapimaji warudi hata kwa pointi tano tano.

Kigingi_Sifuri: Nina mikato mitatu mingine iliyopimwa. Wa kwanza tofauti ya katikati ni 0.4.

Msomaji_Kimya: Basi 1.25 imekufa.

Tuta_Refu: Huo mmoja tu. Pengine una miti pale 1+240. Maliza hiyo miwili kwanza.