Naomba ushauri: sifuri ya mizani yangu ya HX711 inahama

Wakuu, habari zenu. Nimetengeneza mizani ya kukaa chini ya mtungi wa gesi wa kilo 6, ili nijue gesi iliyobaki. Kihisi uzito ni cha kilo 20, kimeungwa kwenye chipu ya HX711, ukuzaji mara 128.

Bila mzigo nilipata namba ghafi 84000, na kwa jiwe la mizani la kilo 5 nikapata 619000. Tofauti ni 535000, yaani 107 kwa kila gramu:

```
gramu = (ghafi - 84000) / 107.0
```

Siku ya kwanza ilipima vizuri. Baada ya mtungi kukaa siku tatu, nilipouondoa sifuri ilisoma 86140, ikimaanisha gramu 20 hewa. Nikarudisha jiwe lile lile, tofauti ikawa 535000 kama mwanzo. Kwa hiyo kipimo ni sahihi, sifuri ndiyo inahama.

Mtungi haushuki, hivyo siwezi kusawazisha sifuri kila nikiwasha. Je, ni joto la jiko, au chuma kulemewa muda mrefu? Nitawatenganishaje hao wawili? Na kuna aliyewahi kufidia joto kwa kihisi cha halijoto akafanikiwa?