Tupeane uzoefu: mnapangaje siku ili chakula kiwe tayari mafundi wakitoka?

Mama wa Saiti: Habari zenu wakuu. Nauza chakula cha mchana jirani na saiti ya ujenzi huku Mtumba, Dodoma. Mafundi wanatoka saa sita na nusu, saa nane wamesharudi kazini. Nina majiko mawili ya mkaa na msaidizi mmoja. Sokoni mnaenda saa ngapi, na mnaanza kuinjika nini?

Bi Mkubwa Majengo: Mwanangu, anza na saa sita na nusu, uhesabu kurudi nyuma. Kinachokula muda ni maharage, kwa hiyo yachambue na kuyaloweka jioni. Alfajiri yainjike, msaidizi aangalie maji na moto wakati wewe uko sokoni. Nyanya zingoje yaive kabisa, maana uchachu wake huyafanya yagome kulainika.

Wali uwe wa mwisho, na usiupike wote kwa mkupuo. Kama unapika kilo tano, tatu ziinjike saa tano, uzipalie makaa juu. Ukizitoa saa sita na robo, lile jiko limebaki na moto. Hapo tazama saiti: vibarua wamejaa? Tia kilo mbili, ziive saa saba na kidogo, wanaochelewa wale wali wa moto. Wakiwa wachache, mchele wako umebaki kwenye gunia.

Kijana wa Area C: Mimi maharage napika usiku, nafunika, asubuhi napasha. Hakuna haja ya kuamka alfajiri.

Bi Mkubwa Majengo: Kupika usiku sawa, kufunika ndiyo hatari. Sufuria kubwa ikifunikwa ya moto inabaki vuguvugu usiku kucha, hasa joto la Oktoba na Novemba. Yagawe kwenye vyombo vipana yapoe upesi, kisha friji, bila nyanya wala nazi. Asubuhi ukikuta povu na harufu kali, mwaga. Kuyachemsha upya hakusaidii.

Chipsi Nanenane: Mimi viazi namenya saa tisa alasiri, naloweka visiwe vyeusi. Saa kumi na moja nakaanga nusu, mteja akifika namalizia. Usiku ndiyo kunachangamka.

Mama wa Saiti: Asante kaka, ila wangu ni wa mchana tu. Bi Mkubwa, na nyanya je? Ninunue tenga zima kwa wiki?

Bi Mkubwa Majengo: Mchele, mafuta na mkaa, chukua vya wiki. Nyanya za siku mbili tu, hasa ukizipanga juani.

Boda Ihumwa: Hapo shikamoo, lakini sikubali. Soko la Majengo hadi Mtumba kila baada ya siku mbili, nauli inamla. Achukue tenga lenye nyanya nusu mbichi, ziive taratibu kivulini.

Bi Mkubwa Majengo: Marahaba. Wa tenga hakuruhusu kuchagua, mwanangu. Zile za chini utazikuta zimepondeka.

Mama wa Saiti: Kuna anayenunua tenga kwa kugawana na mwenzake? Mnagawanaje zilizopondeka?